Mchele wa Pakistani kwenye mfuko wa Kenya

"Nimenunua mchele wa Pakistani Mombasa, nikaufunga upya kwenye mifuko yangu ya kilo 5. Nikivuka Namanga kuingia Tanzania nitalipa ushuru?"

Utalipa, ndugu yangu. Kubadilisha mfuko hakubadilishi asili: mchele lazima uwe umelimwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ungekuwa umelimwa Mwea, Kenya, ungepita bila ushuru wa forodha ukiwa na cheti cha uasili.

Anayekuambia kwamba mzigo chini ya dola 2,000 haulipiwi ushuru amechanganya mambo. Hicho ni kiwango cha cheti rahisi, kile unachojaziwa palepale mpakani. Masharti ya asili yako palepale. Na usijaribu kuandika "Mwea": afisa akishuku, ataomba risiti ya ununuzi, na yako inasema Pakistani.