Databezi ya wateja wa saluni: besdei, ritachi na namna ya kumtafuta mteja bila kumkera

"Wadau nina saluni ndogo ya kike, wateja wanakuja mara moja mbili wanapotea. Nasikia kuna watu wanaweka databezi ya wateja na besdei zao halafu wanawatumia meseji. Inasaidia kweli au ni kusumbua watu tu? Na unaanzaje?"

Dada yangu inasaidia, ila watu wengi wanaikamata kwenye mkia. Wanakimbilia besdei wakati besdei ni mara moja kwa mwaka, na mteja wa saluni anatakiwa arudi kila baada ya wiki sita mpaka nane. Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kuandika ni tarehe ya mwisho kaja na kafanya nini, maana ukishajua hiyo unajua anatakiwa kurudi lini hata kabla yeye mwenyewe hajawaza. Rasta zikipita wiki ya nane nywele mpya zimeshaota kama sentimita mbili, mizizi inajisokota na kingo za mbele zinaanza kukatika. Ritachi nayo ukiifanya mapema sana unaunguza nywele zilizoshapata dawa. Hapo unapompigia una sababu ya kweli, hupigi kuomba hela.

Mimi nilianza na kaunta buku, nikahamia Google Sheets kwenye simu, ni bure na simu ikiibiwa data ipo kwenye akaunti. Safu zangu ni hizi tu: A jina na namna anavyopenda kuitwa, B simu, C mwezi wa kuzaliwa, D siku, E tarehe aliyokuja mwisho, F wiki za kukaa (rasta naweka 7, ritachi 8), G anarudi lini, H besdei ijayo, I maelezo. Mwaka wa kuzaliwa siulizi, hauna kazi na wadada wengi wataanza kukuangalia vibaya. G na H zinajijaza zenyewe, weka hizi kwenye mstari wa pili halafu zivute chini:

```
G2: =IF(E2="","",E2+F2*7)
H2: =IF(D2="","",DATE(YEAR(TODAY())+(DATE(YEAR(TODAY()),C2,D2)<TODAY()),C2,D2))
```

Ukiona limetokea linamba kama 45987 usishtuke, hiyo ni tarehe ila hujaiambia ijionyeshe kama tarehe, nenda kwenye Format uchague Date. Na simu andika kwa kuanza na 255, ukianza na sifuri inaimeza unabaki na namba pungufu. Kila Jumatatu asubuhi napanga kwa safu ya G nione nani anadondokea wiki hiyo, halafu napanga kwa H. Basi, robo saa imeisha.

Sasa safu ya I ndo yenye utamu. Usiandike "mteja mzuri" au "mkorofi", andika kitu kitakachobadilisha namna utakavyomhudumia. Nina mteja mmoja mwalimu wa Sinza, kwake pameandikwa: notilesi saizi ya kati, rangi 1B, mbele usivute ngozi inauma, anapenda Jumamosi asubuhi, hapendi stori nyingi akiwa anasukwa, wasichana wamwamkie shikamoo. Hiyo ya shikamoo ni ya muhimu kuliko unavyodhani, msusi mpya akimwambia "mambo" mama wa watu amenuna mpaka mwisho. Alisuka tarehe 3 Mei, wiki saba zinaangukia 21 Juni. Ukiangalia hapo unaona vitu viwili, Juni shule zimefungwa kwa hiyo halazimiki tena kugombania Jumamosi, na tarehe 21 mara nyingi mshahara bado haujaingia. Nikamwandikia hivi: "Shikamoo mwalimu, habari za likizo. Rasta zako wiki hii zinatimiza saba, nisingependa zikae sana zikavuta kingo za mbele. Kwa kuwa mko likizo naweza kukuwekea asubuhi yoyote kabla watu hawajajaa, wiki hii au ijayo vyovyote utakavyopenda." Mshahara sijautaja, hiyo "au ijayo" inatosha. Alijibu jioni ileile akachagua wiki ya pili yake.

Umeona hapo, ulichoandika unakitumia, hukisomi kwa sauti. Ukianza kumwambia mtu "najua mumeo kasafiri" kisa alisema akiwa kwenye stima, anaogopa. Mimi vitu vya ndoa, ugonjwa na madeni ya watu siandiki kabisa hata kama vimesemwa mbele yangu.

Besdei yenyewe: natuma asubuhi, voisi ya sekunde kumi hivi kwa jina analopenda, na simuuzii kitu kwenye meseji hiyohiyo. Ukichanganya hepi besdei na "pata punguzo la asilimia kumi" anaisoma kama meseji ya mtandao wa simu. Zawadi anaikuta akija mwezi huohuo, namuosha na kumpiga stimingi bila kumwambia kabla, gharama yake ni shampuu na muda. Halafu usitume kwa brodikasti. Kwanza WhatsApp inampelekea yule tu aliyesevu namba yako, wengine hawaipati na wewe hujui, pili mtu anajua tu kwamba hii imetumwa kwa watu mia.

Kuna wa kuwaangalia kwa makini. Wenye besdei ya tarehe 1 Januari, wengi hiyo ni ya kwenye vitambulisho tu kwa sababu tarehe halisi haikuandikwa, ukimtumia salamu hata hajui unaongelea nini, bora heri ya mwaka mpya. Kuna wateja Waislamu ambao hawasherehekei besdei, ukiuliza vizuri atakwambia mwenyewe, huyo mtumie Iddi. Kuna anayetumia simu ya mumewe, andika pembeni, maana meseji ya bei ya rasta ikisomwa na mwenye simu inaweza kuleta kesi. Na mtu aliyefiwa, mwandikie neno "pumzisha" kwenye maelezo, pole unapeleka ila vikumbusho vya nywele vinasimama mpaka ajitokeze mwenyewe.

Kuuliza taarifa subiri ametulia kwenye stima au wakati wa kulipa, mwambie wazi: "nikuandike nikukumbushe muda wa kufumua ukifika?" Wengi wanakubali, anayekataa muache. Hata kisheria ndivyo inavyotakiwa, Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, mtu ajue unachukua nini na cha nini, na akisema nifute unafuta. Pitia pia masharti ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kuhusu usajili wa wanaokusanya taarifa, usisubiri kuulizwa.

Kujua kama inafanya kazi ongeza safu J, weka tarehe uliyomtafuta. Mwisho wa mwezi linganisha na E, kama hajaonekana wiki tatu tangu umwandikie na hajajibu, mara ya pili piga simu, mara ya tatu usiende, atakublok. Wakiwa wengi wasiorudi kwa msusi mmoja, hapo tatizo sio meseji, nenda kaangalie anavyosuka.

Na shiti hiyo usiwape wasichana wote kuihariri. Wape ya kuangalia wateja wa siku hiyo tu, unaweza hata kuwapigia skrinishoti bila namba za simu. Msusi akihama anahama na wateja wake aliowazoea, hilo huwezi kulizuia, ila asihame na orodha nzima.