Tuulize kwanza akaunti ilikuwa ya nani

*Swali la wiki: Kijana akitapeliwa pesa zake akinunua akaunti ya gemu kwenye kundi la WhatsApp, nani alaumiwe: yeye mwenyewe, mzazi wake, au admini wa kundi?*

*Jibu la msomaji, fundi simu, Sabasaba, Dodoma*

Admini. Hilo ndilo lilikuwa jibu langu niliposoma swali, kwa sababu admini anayekata elfu tano kwenye kila biashara si admini tena, ni dalali. Lakini swali lenu limechukulia kwamba anayeumia ni mnunuzi peke yake, na hapo ndipo tunapopishana. Nina kibanda cha simu Sabasaba, miamala nafanya hapo hapo, na vijana wananiletea kesi za akaunti kila mara. Iliyonikaa rohoni ni ya nyumbani kwetu, kwa hiyo mnivumilie nikiisimulia kwa kirefu.

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu, anakaa na dada yangu Nkuhungu, na ugonjwa wake ni Free Fire. Kwa wasioijua, humo mavazi na mapambo ya bunduki hununuliwa kwa daimondi, yaani pesa ya humo humo, na ya zamani ndiyo yanayotafutwa kuliko yote. Vazi la Sakura, lililotoka na Elite Pass, ile tiketi ya msimu, ya kwanza mwaka 2018, kijana akiingia nalo mchezoni wenzake wanasimama kumwangalia. Sasa, vazi ukishakuwa nalo huwezi kulivua ukampa mwenzako. Anayelitaka inabidi anunue akaunti nzima. Na akaunti yenyewe inafunguliwa kwa Google au kwa Facebook, kwa hiyo ukinunua Free Fire ya mtu, kwa kweli umenunua barua pepe yake au Facebook yake. Wazazi wengi hilo hawalijui. Wanadhani mtoto kanunua mchezo.

Dogo alikuwa na akiba ya kuchuma zabibu Hombolo wakati wa likizo. Akapata tangazo kundini: akaunti ina Sakura, inafunguka kwa Gmail, elfu sabini, picha za skrini zimejaa. Bei ilikuwa chini ya zinavyouzwa za aina hiyo, na muuzaji alieleza kwamba anauguliwa. Admini akaingia kati kama mtu wa kushika mambo. Akapewa barua pepe na paswedi, akajaribu, ikafunguka, akaandika kundini "ipo safi". Pesa ikatumwa kwenye namba ambayo jina lililotokea lilikuwa la mwanamke. "Ni la sista," akasema muuzaji. Ijumaa usiku dogo akaingia.

Hakufanya uzembe, na hapa ndipo wanaomlaumu kijana huwa hawanielewi. Alibadilisha paswedi papo hapo. Aliona kuna namba ya simu ya kurejeshea akaunti ambayo si yake, akamuuliza muuzaji, akajibiwa: "Hiyo laini ilishapotea, badilisha tu weka yako." Akaweka yake. Akaviondoa vifaa vingine vyote vilivyokuwa vimeingia. Mimi mwenyewe ningefanya hivyo hivyo.

Jumanne jioni gemu ikamtoa nje. Paswedi haikubali. Akaja kibandani mbio, hata shikamoo alinipa huku anahema. Nikafungua g.co/recover, nikaweka ile barua pepe, nikajaribu kila njia waliyotupa. Hakuna. Muuzaji kamblock. Admini anasema kazi yake iliishia siku ya kukabidhiana.

Nikamweleza dogo ninachokijua. Ukibadilisha namba ya kurejeshea kwenye Google, ile ya zamani haifi siku hiyo hiyo. Kwa siku 7 wanaweza kuendelea kukubali kutuma msimbo kwenye namba au barua pepe ya zamani. Waliweka hivyo kwa makusudi, ili mtu aliyeibiwa akaunti na mwizi akabadilisha kila kitu awe bado na mlango wa kurudi. Matapeli wa makundini wanaujua mlango huo vizuri: wanauza Ijumaa, Jumanne wanarudi kuchukua, wiki inayofuata wanaiuza tena kwa mwingine. Nikamwambia, huyo muuzaji laini yake haikupotea, anayo mfukoni. Nilikuwa na uhakika kabisa.

Kesho yake simu ya dogo ikaita, namba ngeni. Kijana wa Kahama, sauti ya hasira: "Wewe ndiye mwizi wa jimeili yangu? Namba yako hii hapa naiona."

Nikaichukua simu. Tulizungumza hadi joto likapoa. Akaunti ilikuwa yake tangu mwanzo, na Sakura aliipata yeye mwenyewe zamani hizo. Wiki iliyotangulia alitumiwa linki ya daimondi za bure, akaandika barua pepe na paswedi yake kwenye ukurasa uliofanana na wa kweli, kisha simu yake ikamuuliza kama ni yeye anayeingia, naye akabonyeza Ndiyo kwa sababu alidhani ndizo daimondi zinakuja. Baadaye akajikuta nje. Akahangaika, akaja kufanikiwa kwa laini yake ile ile ya zamani. Alipoingia, namba ya kurejeshea ilikuwa ya mpwa wangu.

Angalieni hapo. Yule mwizi wa kweli hakuacha namba yake popote kwenye akaunti ile. Aliacha ya mwenye mali ikae, akasubiri mnunuzi aweke ya kwake kwa mkono wake mwenyewe. Na laini ya dogo imesajiliwa kwa alama za vidole za mama yake, kwa kuwa hajafikisha miaka 18 na hana kitambulisho cha NIDA. Yule kijana angekwenda polisi Kahama na ile namba, jina ambalo lingetokea ni la dada yangu, mwalimu wa shule ya msingi ambaye Free Fire anaisikia kwa jina tu. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu mwaka 2015. Sijui kama kuna askari angeanza kwa kumuuliza kuhusu Sakura.

Kuna jingine ambalo dogo aliniambia huku anaangalia chini. Kwenye ile Gmail kulikuwa na picha za mwenyewe zilizohifadhiwa: familia, cheti cha kidato cha nne, kitambulisho cha mama yake mbele na nyuma. Alikuwa ameziona tangu Ijumaa. Alidhani muuzaji kasahau kuzifuta.

Kwa hiyo nilipokaa kuandika jibu hili nilikuja na hasira ya admini, na sasa hata sijui nimpime vipi mpwa wangu. Alitapeliwa, ndiyo. Lakini kwa siku zile chache alikuwa amekalia mali ya mtu. Ni sawa na kununua pikipiki isiyo na kadi: mwenyewe akiikuta barabarani, wewe ndiye umeikalia.

Na kadi ipo, ila hakuna anayeiomba. Ukishaingia kwenye akaunti, fungua myaccount.google.com, sehemu ya usalama. Kuna orodha ya matukio ya usalama ya siku 28 zilizopita, na mtu akisafisha kisanduku cha barua, orodha ile inabaki. Ya yule kijana wa Kahama ingeonyesha kifaa kipya kimeingia na paswedi imebadilishwa siku chache tu kabla ya tangazo kuwekwa kundini. Mtu anayedai anauza akaunti aliyoicheza miaka yote, iweje aingie kwa simu mpya wiki hii na abadilishe paswedi wiki hii hii? Admini akiangalia hapo, angejua ndani ya dakika moja. Yeye alijaribu paswedi tu. Paswedi kufunguka hakuthibitishi chochote, hata mwizi anayo.

Kipimo cha pili ni ile namba ya kurejeshea ya zamani. Mwambie muuzaji: tuko kwenye simu ya video, msimbo utumwe kwenye namba hiyo, uusome nikuone. Mwenye mali ataweza. "Laini ilipotea" inaweza kuwa kweli, laini zinapotea kila siku, lakini mimi kwa jibu hilo pesa haitoki.

Hata hivyo, kipimo hiki kinamnasa mwizi tu. Muuzaji wa halali mwenye tamaa anakifaulu vizuri kabisa, kisha anarudi ndani ya zile siku 7. Hata zikipita, Google humtambua mtu kwa simu aliyozoea kutumia na mahali alipozoea kuingilia, na mwenye akaunti wa zamani vyote anavyo. Huko kwenye gemu nako Garena, wenye Free Fire yao, hawaruhusu kuuziana akaunti, kwa hiyo ukienda kulalamika unajishtaki mwenyewe. Mtandao wa simu nao huweza kuizuia pesa ikiwa bado ipo kwa mpokeaji, na elfu sabini ya dogo ilitolewa usiku ule ule. Namba iliyopokea tuliituma 15040, ile ya kuripoti matapeli, basi.

Kwa hayo yote mtanitegemea niseme hakuna mtoto kununua akaunti, na nilipoanza aya iliyopita ndivyo nilivyokusudia kumaliza. Lakini nikisema hivyo dogo atanunua kimyakimya, na laini ni ya mama yake. Kwa hiyo lawama nazigawa hivi: admini anayechukua chochote alaumiwe kwanza, kwa sababu kalipwa ili aangalie na hakuangalia. Mzazi nisingemlaumu kwa kutoijua gemu, ila ajue laini iliyosajiliwa kwa jina lake imewekwa wapi. Kijana namlaumu kwa zile picha. Kitambulisho cha mama wa mtu si kitu cha kusahauliwa na muuzaji, na moyoni alijua.

Wiki hii kaniletea habari za jamaa wa Chang'ombe anayeuza yake kwa elfu hamsini. Sikumkatalia, Mungu anisamehe na Garena wanisamehe. Nimemwambia amlete kibandani na simu yake ile ile anayochezea, aje na laini ya zamani, picha zake azihamishe na kuzifuta humo mbele yetu, tufungue ile orodha ya siku 28 tuisome wote watatu. Nusu ya pesa siku hiyo, nusu wiki ya pili. Jamaa kasema atafikiria.