Kabla hujamruka dalali wa nyanya, piga kwanza hesabu hii

Kuna msimu nililima nyanya Ilula, pale Kilolo kwenye barabara ya Iringa kwenda Dar, nikavuna tenga 40. Dalali akaniletea mteja wa 22,000 kwa tenga shambani hapohapo, na rafiki yangu wa Dar ananiambia soko la Ilala tenga ni 38,000. Nikaona 640,000 yangu inaliwa, nikamkatalia, nikapakia kwenye Fuso nikashuka nazo mwenyewe.

Usafiri, kupakia, kushusha na ushuru vikala 280,000, hiyo sawa, hata yule mteja angelipa. Kilichoniumiza ni vingine. Nimefika usiku sijui mtu, wanunuzi wakubwa wana watu wao wanaopigiana simu kabla gari halijafika, mimi nimesimama na mzigo, na kila anayekuja anataka nimwage tenga aone kama chini sijaficha mbovu maana hanijui. Siku tatu za kula, kulala na nauli zikaenda na 150,000. Tenga 8 zikalainika nikaziachia kwa 25,000 kila moja, hasara 104,000. Jamaa mwingine akachukua tenga 4 kwa mali kauli, atalipa jioni, mpaka leo simu haipatikani, 152,000 hiyo. Jumla 686,000! Yaani ningeuza shambani ningekuwa mbele kwa 46,000.

Hiyo 406,000 ukiacha usafiri ndo wachumi wanaita gharama za muamala: kumtafuta mnunuzi, kumfanya aamini mzigo, kuhakikisha analipa. Mchumi Ronald Coase alishaandika toka 1937 kwamba kutumia soko kwenyewe kuna gharama. Dalali hazifuti, anazigawanya tu. Ile 150,000 kwangu ilikuwa 3,750 kwa kila tenga, anayepeleka tenga 200 ni 750 tu. Na mnunuzi hamwagi tenga za dalali, anajua akidanganywa leo kesho anampata palepale.

Sasa mimi nafanyaje siku hizi. Kwanza namuuliza dalali wazi, unanunua mwenyewe au unauza kwa kamisheni? Akisema kamisheni nataka kuongea na mnunuzi, akinizuia najua ameweka cha juu. Pili, asubuhi ya kuvuna napigia watu wawili wasiojuana walioko sokoni, kwa sababu "soko limelala" ni neno rahisi sana kumwambia mtu aliye mbali kilomita mia nne na ushee na nyanya zimeshaiva. Natoa usafiri na ushuru kwenye bei wanayonitajia, kinachobaki nalinganisha na bei ya dalali. Pengo likiwa kama 3,000 kwa tenga nampa mzigo bila kinyongo, likifika 9,000 kama lile la kwanza natafuta dalali wa pili ashindane naye, au tunaungana majirani watatu wanne tujaze gari na mmoja wetu aende, ila awe mtu ambaye tayari ana mnunuzi anayemfahamu Ilala.