Vidole vikiganda kwa supagluu, usivute

Juzi msomaji mmoja wa Morogoro aliniandikia kwamba binti yake alikuwa akiunga soli ya kandambili, kidole gumba kikaganda na cha shahada. Mjomba wa mtoto alishavishika vidole, tayari kuvitenganisha kwa nguvu. Nikamjibu upesi: mwacheni, pasheni maji yawe ya uvuguvugu. Jioni akanitumia picha ya vidole vizima, nami nilifurahi sana.

Nilifurahi kwa sababu picha ya upande wa pili naijua. Kijana niliyekuwa namfundisha kushona viatu aliganda hivyohivyo nikiwa nimeenda kununua ngozi, na jirani wa kibanda cha pili akamvuta. Gundi haikuachia, iliyoachia ni ngozi. Mama yake alikuja kunilaumu mimi, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Supagluu hukauka inapokutana na unyevu, na vidole vina jasho, ndiyo maana hushikana mara moja. Ukiivuta moja kwa moja ina nguvu kuliko ngozi yako. Lakini ukiibandua kuanzia ukingoni ni dhaifu, na hapo ndipo pa kuingilia.

Yule binti alitumbukiza mkono kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya kuoshea vyombo. Maji yawe ya joto linalovumilika kwenye kiwiko, na yakipoa yabadilishwe. Baada ya kama robo saa ukingo wa gundi uligeuka mweupe na kuanza kuinuka nchani mwa vidole. Hiyo ndiyo dalili ya kungoja. Mama akadondoshea mafuta ya nazi pale penye upenyo (ya kupikia pia yanafaa), akapenyeza taratibu mpini butu wa kijiko, huku mtoto akivisugua vidole kama anayeviringisha penseli katikati yake. Alipolalamika maumivu, wakarudi kwenye maji. Mara ya pili viliachana. Magamba yaliyobaki msiyakwangue, yatatoka yenyewe siku chache zijazo ngozi ya juu inapojibandua.

Ndugu zangu mafundi, acheni wembe. Acheni pia kufutia gundi mbichi kwa pamba au kitambaa cha pamba, kwani vikikutana hutoa joto kali la kuunguza. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha huilainisha gundi, lakini hukausha ngozi, na haifai kabisa kwenye kidonda, mdomoni wala karibu na macho.

Midomo ikiganda, ilowesheni kwa maji ya uvuguvugu kwa nje, mate yafanye kazi kwa ndani, bila kuivuta. Jicho ni habari nyingine: msitie mafuta, msizigandue kope. Osheni kwa maji safi ya uvuguvugu, lifunikeni kwa kitambaa kibichi, mwende hospitali saa hiyohiyo.