Mashine ya kukereza: mpya, iliyotumika au ya kukodi?

Swali: Shikamoo fundi. Nina karakana ndogo ya vipuri. Kazi za kukereza napeleka nje, kama saa 10 kwa wiki, na kwa mwezi nalipa asilimia 6 ya bei ya mashine mpya. Nimeona iliyotumika kwa nusu bei. Kampuni nyingine inanikodishia mpya kwa asilimia 3 kwa mwezi, mkataba wa miezi 36. Akiba yangu ni asilimia 70 ya bei ya mpya. Nichukue ipi?

Jibu: Marahaba. Kwa saa hizo, mimi ningechukua iliyotumika, ila kwa sharti kwamba umeipima mwenyewe ikiwa inazunguka na inakata chuma. Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo itakayokuonyesha kipimo hicho kina thamani gani.

Tuseme bei ya mashine mpya ni sehemu 100, na tuhesabu miaka mitatu, muda ule ule wa mkataba wa kukodi. Ukikodi utalipa 3 mara 36, yaani 108, na mwisho wa safari mashine inarudi kwa mwenyewe. Ukinunua mpya utalipa 100, uweke 3 za kusafirisha na kufunga, 6 za matunzo, na kama 8 za riba kwa sababu akiba haitoshi. Baada ya miaka mitatu nadhani utaiuza kwa 60. Imekugharimu 57. Iliyotumika ni 50, kusafirisha na kufunga 5, matengenezo ya mwanzo 10, matunzo 12, halafu unaiuza kwa 38, maana ilikwisha kushuka thamani mikononi mwa mwingine. Imekugharimu 39. Bei za kuuzia na za matunzo ni makadirio yangu. Weka za kwako, kisha hesabu upya.

Tofauti kati ya mpya na iliyotumika ni 18. Usiitazame kama faida tu. Kazi ya nje inakula 6 kwa mwezi, kwa hiyo 18 ni miezi mitatu ya kupeleka kazi nje. Maana yake, iliyotumika inaweza kusimama kwa ubovu miezi mitatu kamili ndani ya miaka mitatu, ndipo ilingane na mpya. Mashine nzima haisimami kiasi hicho. Iliyochakaa inapita hapo, na mbaya zaidi, inakukereza vipuri vibovu huku inazunguka vizuri.

Angalia pia mtego mmoja. Mkodishaji atakwambia, "Unalipa 6 nje, kwangu utalipa 3." Ile 6 ina mshahara wa fundi, umeme na visu ndani yake. Ile 3 ni chuma kitupu. Ukilinganisha, ongeza kwanza saa za atakayesimama kwenye mashine.

Sasa kipimo. Nimewahi kununua mashine iliyopakwa rangi mpya, inang'aa, nikaridhika kwa kuisikiliza tu ikizunguka. Nilipoanza kazi, kila fimbo ilitoka nene upande mmoja. Kitanda, yaani reli ambazo gari la kisu hupita juu yake, kilikuwa kimelika karibu na kichwa, upande unaozungusha chuma, na kukisaga kulinigharimu kuliko nilichookoa kwenye bei. Tangu hapo sinunui bila kufanya haya.

Kitanda cha mashine hulika zaidi karibu na kichwa, kwa sababu huko ndiko gari linalobeba kisu linakoshinda. Peleka gari karibu na kichwa, kaza vibano vyake hadi lisogee kwa uzito kidogo, kisha lisogeze kuelekea kichwa cha nyuma, mwisho wa pili wa kitanda. Likizidi kuwa gumu au likakwama, umegundua kwamba sehemu ya mbele imepungua. Likienda kwa uzito ule ule mwanzo hadi mwisho, kitanda kina matumaini.

Kisha njoo na kipande chako cha chuma cha duara, kipenyo cha milimita 40 hivi. Kibane kwenye kishikio kitokeze milimita 150, bila kukiegemeza kichwa cha nyuma. Punguza sehemu ya kati, ubakize mikanda miwili, mmoja karibu na kishikio na mwingine mwishoni. Kata mikanda yote miwili kwa kisu kikali, mkato mwembamba sana, bila kugusa gurudumu la kuingizia kisu. Pima kwa mikromita. Tofauti ya milimita 0.02 ninaikubali kwa karakana ya vipuri vya kawaida. Ikifika 0.1, simama kwanza uulize sababu. Pengine mashine imefungwa kwenye sakafu isiyo sawa na kitanda kimejipinda. Hilo huondoka kwa kuweka vipande vyembamba vya bati chini ya miguu. Likibaki baada ya kusawazishwa, na gari nalo lilikwama, basi ni kitanda, nawe ondoka.

Tazama na mhimili wa kichwa. Weka geji ya mshale kwenye mhimili wenyewe, si kwenye kishikio, kwa maana kishikio kikuukuu huyumba hata kama mhimili ni mzima. Nyanyua taratibu kwa gongo la mti. Mshale ukiruka sana, beringi zimelegea. Halafu mwache muuzaji aizungushe kwa kasi kubwa nusu saa. Kichwa kikipata joto la kawaida si ugonjwa. Kikiwa cha moto usiweze kuweka mkono, au kikilia kwa mkwaruzo, beringi zinakwisha.

Gurudumu la kuingizia kisu likizunguka robo mzunguko kabla kisu hakijasogea, usiogope sana. Wanunuzi wengi hukimbia hapo, ilhali nati ya shaba hubadilishwa na fundi huzoea kuondoa ulegevu huo kwa kukata akienda upande mmoja. Zaidi uliza vifaa vinavyoandamana na mashine: vishikio vya taya tatu na nne, egemeo la kati la fimbo ndefu, na seti ya gia za kukatia skrubu. Vikikosekana, ile 10 niliyokadiria haitatosha. Uliza pia kama mota ni ya umeme wa fezi tatu na karakana yako ina fezi moja. Kifaa cha kubadilishia umeme kipo, lakini kinaingia kwenye bei.

Mashine mpya ningeipendelea kama ingekuwa ya kuongozwa na kompyuta. Huko kinachozeeka haraka ni vifaa vya kielektroniki, huvioni kwa jicho, na kipuri kikikosekana mashine inabaki chuma cha kutazamwa. Ya kukereza kwa mkono haina siri hizo.

Kukodi nakubali kwa kazi yenye mwisho. Ukipata zabuni ya miezi sita, utalipa 18 na kusafirisha, kisha unairudisha bila kuhangaika kuuza. Mkataba wa miezi 36 usioruhusu kutoka mapema haukupi nafasi hiyo. Kama bado unautaka, soma kifungu cha ubovu: nani anagharamia beringi, na siku mashine imesimama kodi inaendelea au inasimama?

Kwa sasa, nenda na fimbo yako, mikromita na geji. Muuzaji akikataa kuwasha umeme au akisema mota imepelekwa kwa fundi, usitoe hata malipo ya awali. Ikifaulu kipimo, baki na ile akiba ndogo iliyosalia; baada ya 65 za mwanzo utakuwa na 5 tu mkononi, na mafuta, visu na nati ya kwanza vinatoka humo.