Mteja wa rangi anasubiri, naweza kumuingiza mwingine katikati?

SWALI: Nina saluni ndogo, niko mwenyewe na msaidizi anayejifunza. Bukingi naweka Google Sheets, kila mteja mstari mmoja, saa ya kuanza na ya kumaliza. Mteja wa rangi anajaza karibu saa mbili lakini katikati mi nakaa tu. Nikiingiza mwingine hapo siku nyingine inakubali, siku nyingine wananigongania wote wawili. Nifanyeje?

JIBU: Dada, mstari mmoja kwa mteja mmoja ndo unaokuchanganya, maana unaonyesha mteja yuko saluni lini, hauonyeshi mikono yako iko wapi. Mvunje mteja kwenye hatua, kila hatua mstari wake, na safu ya C uandike hiyo hatua inashika nini: mikono, sinki, au mashine ya stimingi. Hatua inayoshika viwili kwa pamoja, kama kuosha, iandikie mistari miwili. Muda wa kusubiri rangi haushiki mikono kwa hiyo hauuandikii mstari wa mikono kabisa.

Kuanza weka safu ya D, kumaliza E, kila siku na ukurasa wake. Saa nne asubuhi iandike 10:00 sio 4:00, la sivyo utawapanga watu alfajiri. Halafu F2 weka hii, uivute mpaka chini:

```
=SUMPRODUCT((C$2:C$60=C2)*(D$2:D$60<E2)*(E$2:E$60>D2))>1
```

Ikitoka TRUE, kuna kitu kimoja umekipa watu wawili kwa wakati mmoja. Hatua moja ikiisha saa ileile nyingine inapoanza haihesabu kama mgongano, ndo maana inabidi akiba ya dakika tano uiweke mwenyewe, ya kuvua glavu, kunawa na kumkalisha mtu.

Sasa tuchukue mfano. Mteja wa rangi anakuja saa 4:00, unapaka mpaka 4:30, rangi inakaa dakika 35 (fuata boksi lako, nyingi ni 30 mpaka 45), saa 5:05 unaosha dakika 10 halafu unablodrai mpaka 5:45. Mwenye stimingi mwambie 4:35. Kumuosha na kumpaka dakika 20, saa 4:55 yuko kwenye mashine na wewe umebaki na dakika kumi mkononi. Mashine inamaliza 5:20 lakini wewe uko kwenye blodrai ya wa kwanza, basi msaidizi azime, amuache na kofia yake, 5:45 unamuosha na kumalizia, 6:25 anaondoka. Ungewachukua mmoja baada ya mwingine ungemaliza 7:10. Ila huyo wa pili amekaa dakika 25 za ziada, mwambie wakati anabuki, asije akagundua yuko kwenye kiti.

Ona hapo kwamba kusubiri kwa wa kwanza na kwa wa pili sio kitu kimoja. Stimingi ikipitiliza hakuna kinachoharibika, na rola zilizo kwenye draya vilevile, zima tu moto. Rangi inataka saa yake. Ndo maana saa 5:05 unakwenda kwa wa rangi kwanza hata kama mwingine ananuna, na ndo maana unachokiingiza kwenye pengo la rangi lazima kiwe kazi unayoweza kuiachia katikati. Rasta inafaa sana hapo, unaachia ukifika mwisho wa msuko mmoja unakwenda kuosha unarudi.

Dawa ya kulainisha nywele usiihesabu kama kusubiri hata siku moja, naona wengi wanakosea hapa. Kuanzia unapogusa nywele mpaka umeosha na shampuu ya kuondoa dawa ni mikono yako, mstari mmoja mrefu bila pengo, maana mteja akisema inawasha unatakiwa uwe naye kwenye sinki sasa hivi, sio umalize rola za mtu. Na bilichi hivyohivyo, kila baada ya dakika chache unafunua kuangalia imefika wapi. Pengo la mwenye dawa linaanza akishakuwa chini ya draya.

Halafu kuna wachelewaji, formula haiwaoni. Huyo wa 4:35 akitokea 4:50, hesabu: dakika 20 zinafika 5:10, umeshapita 5:05. Usimuanze, akae, utamchukua 5:45 blodrai ikiisha. Msaidizi akishaweza kuosha peke yake mpe jina lake kwenye C, "mikono ya msaidizi", hapo yule wa stimingi ataoshwa 5:20 na wewe ukitoka kwenye blodrai unamkuta yuko tayari.