Y iliyogeuzwa na madoa manne: kuchagua picha inayofundisha na kuiandikia maelezo

Ninaandaa makala na vipeperushi vya wakulima wa mahindi, na wenzangu wanaoanza kazi hii huniuliza mara kwa mara napata wapi picha nzuri. Huwa nawaomba waliweke swali hilo pembeni kidogo. Kwanza waandike kwenye karatasi sentensi moja ambayo msomaji ataielewa kwa kuona kuliko kwa kusoma. Sentensi hiyo ikikosekana, makala haihitaji picha. Ikipatikana, yenyewe itakuambia utafute nini.

Nitalieleza hili kwa mfano wa viwavijeshi vamizi, kwa sababu hapo picha mbaya humgharimu mtu mazao. Mdudu huyu asili yake ni bara la Amerika. Alithibitishwa Afrika Magharibi mwaka 2016, na mwaka 2017 alikuwa ameshaingia Kenya na Tanzania. Mkulima akimkuta kiwavi kwenye mahindi anahitaji kujua kama ni huyu, au ni bungua wa mabua, au ni kiwavijeshi wetu wa zamani wa Afrika, kwa kuwa wanadhibitiwa kwa njia tofauti. Kiwavijeshi vamizi hujificha kwenye moyo wa mmea, pale majani mapya yanapojikunja, kwa hiyo dawa isiyofika humo ndani imepotea bure. Bungua huingia ndani ya bua, na akishaingia dawa ya kunyunyizia haimpati. Wale wa Afrika huja kwa makundi makubwa wakila nyasi na nafaka waziwazi.

Sentensi ya makala yangu basi ilikuwa hii: "Kiwavijeshi vamizi hutambulika kwa alama ya Y iliyogeuzwa juu chini usoni, pamoja na madoa manne makubwa meusi yaliyopangika kama mraba mgongoni, kwenye pingili ya pili kutoka mwisho." Isome tena na uone inavyodai. Inadai uso. Inadai mgongo, tena upande wa mkiani. Haidai shamba, haidai mkulima, wala haidai jani.

Sasa weka mezani picha ambazo mtu huzikuta anapotafuta. Ya kwanza ni mkulima anatabasamu katikati ya mahindi ya kijani. Inapendeza, lakini ingefaa vilevile kwenye makala ya mbolea, ya mikopo au ya bei ya soko, na picha inayofaa kila mahali haielezi chochote hapa. Ya pili ni jani lililotobolewa. Hii inakaribia, ila matundu kwenye majani husababishwa na wadudu wengi, na msomaji atabaki palepale alipokuwa. Ya tatu ni kiwavi mzima aliyepigwa kutoka ubavuni, akiwa amejaa fremu nzima. Hii ndiyo inayoponza wengi, kwa sababu mdudu ndiye mwenyewe na picha ni safi. Lakini kutoka ubavuni Y haionekani, na yale madoa manne yako juu mgongoni. Msomaji anabaki na rangi tu, na rangi ya mdudu huyu haiaminiki: wapo wa kijani, wa kahawia, na wengine karibu weusi. Mkulima aliyefundishwa kwa picha ya kiwavi wa kahawia atampita wa kijani akidhani si yeye.

Picha iliyofaa ikawa ya vipande viwili vilivyowekwa pamoja. Kushoto ni kichwa kutoka mbele, kulia ni sehemu ya nyuma ya mwili kutoka juu, na kila kipande kina mshale mmoja unaogusa alama inayohusika. Nasisitiza mshale mmoja. Kila pingili ya kiwavi huyu ina vidoa, kwa hiyo ukimwachia msomaji atafute mwenyewe atahesabu vidoa vya pingili yoyote. Mshale unamwambia ni pingili ile ambayo madoa yake ni makubwa kuliko mengine na yamekaa kimraba. Pembeni niliweka rula inayoonyesha milimita. Kiwavi aliyekomaa hufikia sentimita 3 hadi 4, na asipowekewa kipimo picha iliyokuzwa humfanya aonekane kama kidole cha mtu.

Kupiga picha hiyo mwenyewe kunawezekana kwa simu ya kawaida. Mweke kiwavi juu ya karatasi nyeupe, kivulini, maana jua kali huacha mng'ao mgongoni unaofuta madoa. Usiisogeze simu karibu mno. Kamera nyingi za simu hushindwa kulenga kitu kilicho karibu sana, picha ikatoka na ukungu. Rudi nyuma kidogo, piga, kisha kata sehemu unayoihitaji. Kwa uso, lenzi ya mkono ikishikwa mbele ya kamera husaidia sana. Chagua kiwavi mkubwa, kwa kuwa kwa wachanga Y huwa hafifu, na jambo hilo liseme kwenye makala ili mkulima asiridhike mapema kwamba kiwavi wake mdogo si mvamizi.

Ukichukua picha ya mtu mwingine, omba ruhusa au soma masharti ya leseni yake, halafu mkague mdudu mwenyewe kabla ya kuamini jina lililoandikwa chini yake. Nimekutana na picha zilizoandikwa viwavijeshi vamizi ambazo ukizikuza huoni Y wala mraba. Kama alama mbili ulizoandika kwenye sentensi yako hazionekani, iache picha hiyo hata kama imetoka mahali panapoheshimika.

Jaribio lingine ninalolifanya kila mara ni kuitoa picha kwa rangi nyeusi na nyeupe. Vipeperushi vyetu hutolewa kopi, na kopi hutolewa kopi tena, mpaka kinachomfikia mkulima wa mwisho ni kijivu kitupu. Mshale mwekundu juu ya jani la kijani unaweza kupotea kabisa hapo. Mshale mweupe wenye ukingo mweusi hubaki. Vivyo hivyo usiandike "angalia sehemu iliyozungushiwa nyekundu". Andika "angalia sehemu iliyozungushiwa duara". Hili linawasaidia pia wasomaji wasiotofautisha nyekundu na kijani.

Tuje kwenye maneno. Picha ya mtandaoni ina maelezo ya aina mbili, na watu wengi huyachanganya. Kuna maelezo ya chini ya picha, ambayo kila mtu huyasoma. Halafu kuna maandishi mbadala, ambayo hayaonekani picha ikiwepo: husomwa kwa sauti na programu za kusoma skrini, kama TalkBack kwenye simu au NVDA kwenye kompyuta, kwa msomaji asiyeona, na hujitokeza pale picha inaposhindwa kufunguka kwa sababu ya mtandao dhaifu. Maelezo ya chini yana kazi ya kumwambia anayeona afanye nini na anachokiona. Maandishi mbadala yana kazi ya kumpa asiyeiona picha kile ambacho picha ilibeba. Ukiyaandika sawasawa, anayetumia programu husikia jambo moja mara mbili, na bado anakosa kilichomo kwenye picha.

Kwa picha yetu, rasimu ya kwanza ambayo mtu huandika ni "Picha ya kiwavi". Neno "picha" halina kazi, kwa sababu programu yenyewe hutangaza kwamba hapa kuna picha. Rasimu ya pili huwa "Kiwavi kwenye karatasi nyeupe". Ni kweli, ila karatasi si habari. Nilirudi kwenye ile sentensi niliyoanza nayo, nikaandika kwenye `alt`, inayobeba maandishi mbadala, kinachoonekana kwa mpangilio ambao macho yangeufuata, na `figcaption` ikabeba maelezo ya chini:

```html
<figure lang="sw">
  <img src="kiwavi-uso-na-mkia.jpg"
       alt="Kushoto, uso wa kiwavi wenye Y nyeupe iliyogeuzwa juu chini. Kulia, pingili ya pili kutoka mwisho yenye madoa manne meusi yaliyokaa kimraba.">
  <figcaption>Tafuta alama zote mbili. Ukiona moja tu,
  mwonyeshe afisa ugani kabla ya kununua dawa.</figcaption>
</figure>
```

Ile `lang="sw"` huiambia programu kwamba maneno haya ni Kiswahili, ili yatamkwe kwa sauti ya Kiswahili pale simu au kompyuta inapokuwa nayo. Bila hiyo, "pingili" inaweza kusomwa kwa matamshi ya Kiingereza na msikilizaji asiipate. Kama ukurasa mzima ni wa Kiswahili, iweke mara moja tu kwenye `<html>`. Na usiiache `alt` kabisa, kwa kuwa baadhi ya programu zikiikosa husoma jina la faili, na msomaji husikia mfululizo wa herufi na namba uliotoka kwenye kamera.

Sentensi moja au mbili zinatosha. Ukijikuta unaandika aya, huenda picha imebebeshwa mambo mengi mno, kama zile zinazoonyesha mzunguko mzima wa maisha kuanzia mayai, kiwavi, pupa hadi nondo. Hapo yaeleze mambo kwenye makala yenyewe, ambapo wote watayasoma, kisha maandishi mbadala yataje tu picha ni ya nini. Au igawanye.

Maandishi mbadala hufuata makala, hayafuati picha. Chukua picha ya jani lenye kiwavi na kinyesi chake. Kwenye makala ya kumtambua mdudu, maandishi yatamzungumzia kiwavi na alama zake. Kwenye makala ya kukagua shamba, picha hiyohiyo itaandikiwa: "Moyo wa mhindi umejaa kinyesi cha chembechembe kama unga wa mbao, na majani mapya yana matundu." Pale mdudu si hoja tena, hoja ni dalili ambayo mkulima anaiona akiwa amesimama. Kwa hiyo usinakili maandishi ya zamani pamoja na picha.

Na ukiwa na sababu ya kuweka picha ya pambo, labda mhariri anataka shamba zuri juu ya ukurasa, iandikie `alt=""`, alama za kunukuu zikiwa tupu kabisa. Programu itairuka kimyakimya na msomaji ataendelea na habari. Mimi pia hutumia hatua hiyo kupima picha nisizo na hakika nazo: nikiona naweza kuacha alama za kunukuu tupu na asiyeona asikose kitu, basi anayeona naye hakosi kitu nikiiondoa, na kifurushi chake cha data kitabaki na akiba.

Kuna mambo ambayo picha hii haiwezi kuyabeba hata ukiichora upya. Haionyeshi kwamba kiwavi huyu hufanya kazi zaidi usiku, kwa hiyo ukaguzi wa alfajiri au jioni hufaa kuliko wa mchana. Haionyeshi kipimo cha dawa. Nimeona watu wakiweka picha ya chupa ya dawa wakidhani wamemaliza, na mkulima akabaki hajui achanganye kiasi gani kwenye bomba lake. Hayo yape maneno na namba, uyaweke karibu na picha, ili mkulima akishamtambua mdudu ayakute hapohapo.